Jina Letu, Jina Langu

Barua ilikuwa ya mkono, kurasa mbili zilizochanwa katikati ya daftari la mistari, na kichwa chake kilipigiwa mstari kwa rula: YAH: JINA LA BIASHARA. Ilishuka kutoka Newala kwa basi la asubuhi, mkononi mwa kondakta, ndani ya bahasha ya kaki. Aliyeiandika ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Mimi hakunifundisha, alimfundisha kaka yangu, lakini kwetu mwalimu wa mtoto mmoja ni mwalimu wa nyumba nzima. Kwa ruhusa yake ninainakili hapa sehemu kubwa ya barua hiyo.

“Mwanangu Wakili, natumaini u mzima na kazi zinakwenda. Sisi huku hatujambo. Tuna mradi wa kubangua korosho, tupo wanawake sita, huu ni msimu wa tatu. Tunabangua, tunakaanga, tunafungasha, tunauza stendi na kwa wageni wanaokwenda kuangalia Shimo la Mungu. Jina tumeshalipata, MAPIKO KOROSHO, na lebo ina picha ya lipiko. Mchapaji wa Mtwara anasema bei itashuka tukiagiza mifuko elfu tatu. Kabla sijatoa hela yangu ya kiinua mgongo nataka unijibu swali moja tu: jina langu linasajilika au halisajiliki? Likishindikana tunayo mengine mawili, Ushirika wa Korosho Newala na Newala Korosho Bora. Naomba jibu la maandishi.”

Wakili akiambiwa kuna swali moja tu, huvuta kiti akae vizuri. Neno “linasajilika” peke yake lilikuwa na maswali matatu ndani yake, kwa sababu Tanzania Bara ina madaftari matatu ambamo jina la biashara linaweza kuingia. Yote matatu yanatunzwa na wakala mmoja, BRELA, na hapo ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Kuna daftari la majina ya biashara, kuna daftari la kampuni, na kuna daftari la alama za biashara na huduma. Mtu anaweza kupata cheti safi kabisa katika la kwanza na bado akapelekwa mahakamani na mtu aliyemo katika la tatu.

Mwalimu alitaka la kwanza bila kulitaja. Ndilo rahisi. Unafungua akaunti katika ors.brela.go.tz kwa namba yako ya NIDA, unatafuta kama jina lipo, unajaza aina ya biashara, mahali ilipo na wamiliki wake, unalipa ada ndogo kwa namba ya malipo uliyopewa, unasubiri Msajili alikubali au alirudishe. Kijana yeyote mwenye simu na bando pale stendi ya Newala angeweza kumfanyia. Alichohitaji kwangu ni kujua cheti kile kinasema nini, na hasa kisichokisema.

Ili kulielewa daftari hilo inasaidia kujua lilitoka wapi. Sheria yetu ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura ya 213, ni ya enzi za Waingereza, na Waingereza wenyewe walitunga sheria yao ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza. Wasiwasi wao mmoja ulikuwa kwamba nyuma ya jina la duka lenye sauti ya Kiingereza anaweza kuwa amekaa raia wa nchi adui. Walitaka kujua nani yupo nyuma ya jina. (Mwaka huohuo Newala ilitekwa mwezi Oktoba na Wareno waliovuka Ruvuma, na kufikia mwisho wa Novemba Wajerumani walikuwa wameshawatimua. Tulifundishwa vita hiyo shuleni bila kuambiwa kwamba ilipita kwetu.) Mpaka leo hiyo ndiyo kazi ya daftari: kumwambia umma nani hasa anafanya biashara chini ya jina asilozaliwa nalo. Ndiyo maana anayeuza kwa jina lake halisi, bila kuliongezea kitu, hadaiwi usajili huo. Jina lake limekwisha kumtaja.

Kwa hiyo cheti cha jina la biashara hakimpi mtu umiliki wa neno. Kinaandika kwamba jina hili ni la watu hawa. Ni kweli kwamba Msajili akishaliandika atakataa jingine linalofanana nalo mno, na hiyo ni faida. Lakini jirani yake Mwalimu akianza kesho kuuza korosho kwenye mfuko ulioandikwa Mapiko, hawezi kumzuia kwa kumwonyesha cheti peke yake. Atalazimika kwenda mahakamani kuthibitisha kwamba wateja wanalijua jina hilo kuwa lake, kwamba jirani anauza kana kwamba mzigo ni wa Mwalimu, na kwamba yeye ameumia au ataumia kwa hilo. Hiyo ni kesi ya ushahidi, na ushahidi ni risiti, picha za mifuko yenye tarehe, wateja walio tayari kusafiri kuja kusema.

Nilianza na majina ya akiba kwa kuwa hayakuwa na kazi kubwa. Ushirika wa Korosho Newala lilianguka kwenye neno la kwanza. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 haimruhusu kila mtu kujiita ushirika. Neno hilo ni la vyama vilivyosajiliwa kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika, na katika wilaya ambayo kila mkulima anauza korosho zake ghafi kupitia chama cha msingi chini ya TANECU, jina lile lingemdanganya mtu hata kama hakuna aliyekusudia kudanganya. Ni sawa na kuweka neno “benki” kwenye kibao cha duka la simu.

Newala Korosho Bora lingeweza kupita katika daftari la kwanza, kama hakuna aliyetangulia na jina la karibu. Lakini ni jina dhaifu. Newala ni mahali, korosho ndiyo bidhaa yenyewe, na bora ni sifa ambayo kila muuzaji anajipa. Daftari la alama za biashara linataka neno linalotofautisha mzigo wako na wa mwingine, na jina la mahali likiunganishwa na jina la bidhaa halitofautishi chochote. Yeyote anayebangua korosho Newala ana haki ya kusema ukweli kwamba anauza korosho za Newala. Ndicho walichokishikilia Wakenya na wenzao mwaka 2007, kampuni moja ya Uingereza ilipoomba kusajili neno la kikoi, likiwa limeandikwa kwa “y”, kuwa alama yake ya biashara huko kwao. Pingamizi liliwekwa na ombi halikufika mbali. Jina la nguo ambayo pwani nzima inaivaa haliwezi kuwa la muuzaji mmoja wa nguo hiyo.

Mapiko ni habari nyingine. Nani asiyelijua neno hili huku kwetu? Ni ngoma ya Wamakonde, pande zote mbili za Ruvuma, ambayo mchezaji wake huvaa kichwani kinyago cha mti mwepesi, lipiko, na mwili wake wote hufunikwa nguo. Lakini mapiko si korosho, si namna ya kukaanga korosho, wala si mahali korosho zinapotoka. Mbele ya sheria ya alama za biashara huo ndio uzuri wake: neno lisiloielezea bidhaa ndilo lenye nguvu ya kuitambulisha. Lenye nguvu zaidi ni neno la kutunga, kama tamasha la Mtwara linaloitwa Makuya, ambalo lilipata jina kwa kuunganisha silabi za Makonde, Makua na Yao.

Nilitafuta katika mfumo. Nilijaribu Mapiko peke yake, kisha Mapico kwa “c” kama waandikavyo ng'ambo ya mto, kisha Lipiko. Lazima kujaribu hivyo, maana ofisa anayelipitia ombi halinganishi herufi tu, analinganisha na sauti. Maneno ya nyongeza kama Entapraizi, Tredaz au Invesimenti nayo hayaokoi jina, kwa sababu kila mtu anayo. Lilitokea jina moja tu lenye neno hilo, la watu wanaouza vinyago, nalo lilifuatiwa na neno la sanaa. Je, lingemzuia Mwalimu? Katika daftari la majina ya biashara niliona nafasi nzuri, kwa kuwa “Korosho” inalipa jina lote maana tofauti, ingawa niliandika wazi kwamba uamuzi ni wa Msajili. Katika daftari la alama nafasi ilikuwa nzuri zaidi. Huko bidhaa zimegawanywa katika madaraja ya kimataifa: korosho zilizokaangwa ni daraja la 29, korosho ghafi ni la 31, sanamu za mti ni la 20. Anayetaka kinyago hatatoka dukani na mfuko wa korosho akidhani ni kazi ya mchongaji yuleyule.

Nilimshauri hivi. Sajili jina la biashara sasa, kabla ya mifuko. Korosho zikiuzwa mwaka mwingine na hela ikaruhusu, omba Mapiko kuwa alama ya biashara katika daraja la 29. Ombi likikubaliwa hutangazwa, watu hupewa muda wa kulipinga, na likipita alama hulindwa miaka 7 tangu siku ya ombi, kisha kila mara miaka 10 ikilipiwa upya. Na akumbuke kwamba ulinzi huo unaishia Bara. Alikuwa ameandika pembeni mwa barua kwamba binamu yake ana duka Unguja lenye watalii wengi. Zanzibar ina sheria yake na wakala wake, BPRA, na mwenye alama ya Bara anayetaka ulinzi kule huomba tena kule.

Hapo barua yangu ya majibu ingeweza kuishia, na ingekuwa sahihi. Lakini palikuwa na ile picha.

Nimekua nikijua, kama wasichana wote wa kwetu, kwamba zamani mwanamke hakutakiwa kujua kuna mtu ndani ya lipiko. Lilikuwa siri ya jando. Wavulana walifunuliwa, sisi tuliogopa na kukimbia. Siku hizi ngoma hii inachezwa mbele ya viongozi na watoto wanaipiga picha kwa simu, na sidhani kuna mwanamke wa Newala anayedhani lile ni zimwi. Hata hivyo, kuna tofauti kati ya kitu kisicho siri tena na kitu kisicho na mwenyewe. Msajili hataitwa kuamua hilo. Hakuna sehemu ya fomu inayouliza umewauliza wazee gani.

Kuna sheria moja inayokaribia swali hilo, na wanaosajili majina hawaifikirii: Sheria ya Hakimiliki ya 1999. Ina sehemu inayohusu sanaa za jadi, michongo ikiwemo, na inataka kibali pale sanaa hizo zinapotumiwa kwa ajili ya faida nje ya mazingira yake ya kimila. Neno mapiko kwenye mfuko ni neno la lugha, sikuona shida. Uso wa lipiko uliochorwa kutoka kinyago halisi na kuchapwa mara elfu tatu ulinipa wasiwasi. Nilimwandikia kwamba picha ile ama iombewe kibali au iondoke, na kwa vyovyote asiilipie mchapaji kabla hatujamaliza hilo. Kuhusu wazee, niliandika sentensi moja tu, kwamba yeye anawajua kuliko mimi.

Kisha nikaisoma barua yake mara ya tatu, na safari hii nikawa nahesabu viambishi. Jina tumelipata. Tunabangua, tunakaanga. Hela yangu. Jina langu. Tunayo mengine mawili. Hakuandika hivyo kwa hila, watu huzungumza hivyo. Lakini fomu ya BRELA haizungumzi hivyo. Ina sehemu ya wamiliki, na hapo ama unaandika jina moja au unaandika yote. Akijaza kijana wa stendi, ataingiza namba moja ya NIDA, ya aliyeleta hela ya ada, na kuanzia siku hiyo Mapiko Korosho ni ya Mwalimu peke yake. Wale watano watakuwa wamebangua misimu mitatu, wakijipaka majivu mikononi ili utomvu wa ganda usiwaunguze, kwa jina la mtu mwingine. Benki itafungua akaunti kwa cheti hicho. Mwalimu akifariki, watoto wake watakuja na cheti hicho. Nimeona nyumba mbili zikigombana kwa karatasi kama hiyo, na katika zote mbili marehemu alikuwa mtu mwema.

Kwa hiyo badala ya kumjibu nilimpigia. “Shikamoo Mwalimu. Biashara hii ni ya nani?”

“Marahaba mwanangu. Si nimeandika, tupo sita.”

“Faida mnagawanaje?”

“Sawa kwa sawa, tukitoa gunia na kuni. Kiinua mgongo changu nitarudishiwa kwanza.”

“Basi huo ni ubia, Mwalimu. Inabidi waandikwe wote sita, na mkataba uandikwe, na hela yako iandikwe humo kama deni la ubia kwako. Nitumie namba zao za NIDA.”

Alinyamaza kidogo. Zipo tano, akasema. Wa sita ni yule aliyemtaja kwa jina la mtoto wake, mwenye mkono mwepesi kuliko wote, anayetoa korosho nzima pale ambapo wengine wanatoa vipande. Alizaliwa ng'ambo, Msumbiji, akaletwa mgongoni mwa mama yake wakati wa vita ya ukombozi, ile iliyoisha 1974. Ameolewa hapa, amezaa hapa, amezika hapa. Hajawahi kuomba kitambulisho, kwa kuwa hajui aandike nini kwenye swali la mahali alipozaliwa, na anaogopa jibu lake litasomwaje.

“Si tuandike watano,” Mwalimu akasema, “halafu yeye tunajuana naye.”

Hilo ndilo jambo pekee nililolikataa katika shauri lote. Daftari lile lipo ili liseme nani yupo nyuma ya jina. Kuandika watano mahali penye sita ni kulifanya liseme uongo, na anayesaini maelezo ya uongo ni yeye. Zaidi ya hapo, atakayeachwa nje ni yule mwenye karatasi chache kuliko wote, ambaye siku ya ugomvi hatakuwa na kitu kingine mkononi. Nilimpa njia mbili za kweli. Ya kwanza, wasubiri: mama huyo ashughulikiwe kwanza suala lake la uraia, mimi nitamsaidia kuandaa maelezo na viapo, na jina lisajiliwe wakiwa sita. Ubaya wake ni kwamba katikati ya kusubiri mtu mwingine anaweza kuliwahi jina. Ya pili, Mwalimu asajili peke yake leo, lakini tu kama kuanzia leo biashara ni yake kweli: yeye abebe hasara na wenzake walipwe ujira wanaokubaliana, kwa maandishi, pamoja na ahadi ya kuingia ubia baadaye. Siku hiyo ikifika, taarifa za wamiliki hubadilishwa katika daftari lilelile na jina halipotei. Ubaya wake, ahadi ni ahadi. Njia ya tatu, kuwa kampuni, niliitaja nikaiacha: inakuja na mahesabu na taarifa za kila mwaka ambazo mradi wa masufuria mawili hauwezi kuzibeba.

Nikayaweka yote kwenye maandishi, kurasa tatu, nikampa kondakta.

Jibu lilipanda na kushuka siku nane baadaye. Waliketi wote sita chini ya mkorosho nyuma ya nyumba yake, na barua yangu ilisomwa kwa sauti, mara moja kwa Kiswahili na mara moja kwa Kimakonde. Waliamua kusubiri. Msimu huu watauza kwenye mifuko myeupe isiyo na maandishi isipokuwa namba ya simu. Picha wameifuta. Kaka yake mkubwa, ambaye alipelekewa neno lenyewe, alisema jina si kitu, hata yeye ana mjukuu anayeitwa Hitler, lakini ule uso usikae kwenye mfuko ambao watu wataukanyaga stendi. Mchapaji wa Mtwara amekasirika kidogo.

Mwishoni aliongeza majina sita kwa mpangilio wa umri, kila moja na namba ya NIDA mbele yake. Mbele ya jina la tatu pana mstari mtupu. Alhamisi ijayo mwenye jina hilo anashuka Masasi na mume wake, mwenyekiti wa kitongoji, na bibi mmoja aliyekuwepo siku walipovuka mto. Nimeshaanza kuandika kiapo cha bibi huyo, na nimeacha nafasi ya mwaka mpaka atakapouhesabu mwenyewe kwa misimu anayoikumbuka.